Nani Atashika Kibanja Watoto Wakiwa Wadogo?

Daftari lilikuwa la kurasa 48, la bei nafuu, lile la watoto wa shule, na jalada lake lilikuwa limeliwa na panya kwenye kona. Mzee wa ukoo aliliweka juu ya meza, akavaa miwani na kusoma kwa sauti. Ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya binamu yangu, kijijini kwetu Kagera, na kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa chini ya mwembe. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 41. Mkewe aliketi kwenye kizingiti cha jiko, mtoto wa mwisho akiwa amelala mapajani mwake. Wakubwa wawili walikuwa wametumwa kuchota maji ili wasisikie.

Ndani ya daftari binamu yangu alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kibanja chote kibaki mikononi mwa mkewe mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka 18, kisha watoto wote wagawane sawa, wa kike na wa kiume. Maneno yalikuwa wazi, mwandiko mzuri, tarehe ipo, sahihi ipo. Chini yake palikuwa na mashahidi wawili, mkewe na shemeji yake, yaani kaka wa mkewe.

Mzee alirudia majina hayo mawili, akavua miwani. "Hapa hakuna mtu wetu hata mmoja," alisema.

Wosia ule ulianguka pale pale mbele ya ukoo, na miezi michache baadaye ulianguka tena mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Wengi wetu tulidhani ukoo umeshinda karatasi, kwamba mila imeikataa sheria. Nilipokwenda kuzisoma kanuni zenyewe niliona kwamba tulikosea. Sheria ya kimila inautambua wosia kikamilifu, tena imeuwekea utaratibu wake. Binamu yangu hakufuata utaratibu huo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upo.

Kwa hiyo baba mwenye shamba dogo na watoto wadogo, anapojiuliza kama aandike wosia au awaachie wazee wa ukoo, anapaswa kwanza kujua kila njia ina nini ndani yake.

Tanganyika ilikusanya kanuni za kimila za makabila yanayofuata upande wa baba na kuzitangaza katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Humo mna kanuni za ulezi wa watoto, za urithi na za wosia. Baba akifa bila wosia, na mahakama ikaona kwamba maisha yake yalikuwa ya kimila, kanuni hizo ndizo zitakazofunguliwa. Kanuni ya 25 ya urithi inawapanga warithi kwa daraja. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza kutoka nyumba kubwa, yule ambaye kwetu tunamwita musika. Daraja la pili ni watoto wa kiume wengine. Mabinti wote, hata kama binti ndiye mzaliwa wa kwanza na ndiye anayelima, wako daraja la tatu. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu bila kuiuza, isipokuwa pale ambapo ukoo hauna mwanamume. Kisha ipo kanuni ya 27, ambayo kila mume anapaswa kuisoma angalau mara moja akiwa hai. Inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Isome kanuni hiyo ukiwa na watoto wa miaka 11, 7 na 3, uone inavyogeuka. Atakayemtunza mama ni mtoto wa miaka mitatu? Kanuni ile iliandikwa kana kwamba baba hufa akiwa mzee, watoto wake wakiwa wamekwisha kuoa na kuolewa, na kaka mkubwa ana nguvu za kumlimia mama yake. Katika hali hiyo mila hufanya kazi, na mara nyingi hufanya kazi vizuri. Ndugu wote ni watu wazima, kila mmoja anajua baba alimwonyesha kipande kipi, na kikao kimoja cha mchana kinamaliza mambo bila wakili wala nauli. Wazee wanajua mpaka ulipo, wanajua mwaka ule wa njaa nani alimkopesha nani, wanajua kaburi la babu liko chini ya mgomba upi. Sidharau elimu hiyo, kwa kuwa hakuna ofisi iliyo nayo.

Watoto wakiwa wadogo, palepale mila inapotegemea mtoto mkubwa pana pengo. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji miaka 15 kufika 18. Kwa miaka hiyo yote mtu fulani atashika kibanja. Atakata majani ya migomba, atavuna kahawa na kuipeleka chama cha msingi, na jina litakaloandikwa kwenye kitabu cha malipo ni lake. Kimila mtu huyo ni baba mdogo au baba mkubwa wa watoto. Akiwa mwema, watoto watasoma. Akiwa na watoto wake saba na deni lake mwenyewe, kahawa itasomesha wake kwanza. Huenda asiibe kwa kukusudia, ila kila msimu atajikuta amechelewa kidogo kutoa, mpaka mipaka ya shamba la marehemu na la kwake isahaulike.

Utasikia watu wakisema kanuni hizo zimekwisha kufa. Ukweli una pande mbili. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi iliyotoka Muleba ya mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia, kisha akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alitaka mauzo yafutwe kwa sababu mwuzaji ni mwanamke. Jaji alisema ubaguzi huo unapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanamume ya kurithi na kuuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, nayo inasema kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Lakini mwaka 2006 wajane wawili kutoka Shinyanga walipoiomba Mahakama Kuu izifute kanuni za 1963 zenyewe, mahakama ilikiri kwamba zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Wajane hao walikwenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Ushindi wa namna hiyo ni wa mahakamani na hauji wenyewe chini ya mwembe. Mjane mwenye mtoto mgongoni atafaidika nao ikiwa tu ana nguvu, nauli na muda wa kudai. Siku ya matanga, wazee hufungua kanuni wanazozijua.

Hapo ndipo ninapomshauri baba wa watoto wadogo aandike. Ila aandike kwa utaratibu wa kimila, kwa sababu hao hao wazee na huyo huyo hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ndio watakaoipima karatasi yake.

Utaratibu wenyewe si mgumu, na sehemu inayoangusha wosia mwingi ni mashahidi. Kama anayeusia anajua kusoma na kuandika, anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo wake na mmoja mtu baki. Kama hajui kusoma, wawe wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wa wosia wa maandishi lazima wawe wanajua kusoma na kuandika, na wote wawepo kwa wakati mmoja, wamwone mwenyewe akiweka sahihi au dole gumba. Mke aliyeko nyumbani siku hiyo naye hushuhudia, lakini sahihi yake huongezwa juu ya hizo na haichukui nafasi ya shahidi mwingine. Mrithi mwingine haruhusiwi kuwa shahidi. Karatasi iandikwe kwa wino usiofutika au ipigwe chapa, iwe na tarehe, na iandikwe mwenye kuusia akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa.

Rudi sasa kwenye daftari la binamu yangu. Mke alikuwepo, sawa. Shemeji alikuwa mtu baki, sawa. Shahidi wa ukoo hakuwepo, na upungufu huo mmoja ulitosha. Najua kwa nini hakumwita. Aliogopa kwamba kaka zake wakijua amempa mkewe madaraka juu ya kibanja watamsumbua angali hai. Woga huo ni wa kweli na wanaume wengi wanao. Lakini kanuni haisemi shahidi awe kaka yako. Mtu wa ukoo anaweza kuwa binamu wa mbali, au mdogo wa babu yako mzaa baba anayeishi kijiji cha tatu, mradi ni wa ukoo, ni mtu mzima, anajua kusoma, na hana anachorithi. Tena ushahidi wa mtu wa ukoo una faida isiyoandikwa popote. Siku ya kikao, wazee watakaposema hawajui karatasi hiyo imetoka wapi, yupo mmoja wao atakayesimama na kusema nilikuwepo.

Wosia wa mdomo pia unakubalika kimila. Unahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Baba aliyelazwa hospitali anaweza kuutumia. Udhaifu wake unaonekana baadaye, mashahidi wanapokumbuka tofauti au wanapokufa. Na wosia wa maandishi haufutwi kwa mdomo. Baba akiandika leo kisha akamwambia mkewe kitandani kwamba amebadili nia, karatasi ndiyo itakayofuatwa. Anayetaka kubadili aandike upya, kwa mashahidi upya.

Tuchukue mfano wa baba mmoja tuone wosia unavyojengwa. Ana miaka 38. Ana mke mmoja, binti wa miaka 11, mwana wa miaka 7 na binti wa miaka 3. Ana ekari moja ya kibanja alichoachiwa na baba yake, chenye nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya babu na bibi. Ana ekari moja na nusu nyingine bondeni, aliyoinunua pamoja na mkewe mwaka 2016 kwa fedha za maharage na za duka dogo la mke. Wana mkataba wa mauziano wenye mhuri wa ofisi ya kijiji. Wana ng'ombe wawili, na akiba kidogo kwenye chama cha kuweka na kukopa.

Kitu cha kwanza anachopaswa kukitenganisha ni vipande hivyo viwili vya ardhi, kwa sababu havifanani. Ekari ya bondeni si yake peke yake. Mkewe ameichangia, na sehemu ya mke haiingii kwenye urithi wa mume hata kidogo. Baba hawezi kumgawia mtu kitu kisicho chake. Basi aandike waziwazi: shamba la bondeni tulilinunua mimi na mke wangu mwaka 2016, nusu ni yake, na nusu yangu namwachia yeye aitumie kuwatunza na kuwasomesha watoto, mpaka mdogo atimize miaka 18, kisha nusu hiyo iwe ya watoto wote watatu kwa mafungu sawa. Sentensi hiyo inafanya kazi mbili. Inagawa, na wakati huohuo inamwachia mjane ushahidi wa mkono wa marehemu mwenyewe kwamba mali ilichumwa na wote wawili. Bila sentensi hiyo atalazimika kuthibitisha mchango wake mbele ya watu wanaosema kila kilichopo ni cha mwana wetu.

Kwenye ekari ya ukoo aende kwa uangalifu zaidi. Pale ndipo makaburi yalipo, na pale ndipo wosia wenye haki kabisa huweza kuzua vita ya miaka 20. Akimpa mkewe kibanja hicho moja kwa moja, aweze hata kukiuza, ukoo utapigana. Akiwapa watoto wote watatu, mkewe akaachiwa haki ya kuishi ndani ya nyumba na kulima maisha yake yote, na akaandika kwamba kisiuzwe nje ya familia bila ndugu kupewa nafasi ya kukinunua kwanza, amewapa wazee kile wanachokiogopa kukipoteza. Mabinti wawili wamepata ardhi sawa na kaka yao, na kibanja hakijatoka. Mimi nauona mpangilio huo kuwa bora kuliko ule wa kumwaga kila kitu kwa mke kwa nia njema tu.

Mipaka aitaje kwa vitu vinavyoonekana. Kusema "shamba langu la bondeni" hakutoshi. Aandike linapakana na nani kaskazini, nani kusini, mstari wa mulamula uliopandwa mwaka gani, mfereji uko wapi. Ng'ombe awataje kwa rangi. Akiba aitaje kwa jina la chama na namba ya uanachama. Na madeni pia, anayodaiwa na anayodai, kwa sababu madeni hulipwa kabla ya mgawo, na mjane asiyeyajua atashtukia mtu akija na karatasi ya uongo.

Kisha aandike nani atasimamia. Hapa pana kutoelewana kukubwa kuliko kote nilikokuta. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kama ilivyoagizwa, na kurudi mahakamani kusema nimemaliza. Barua ya usimamizi haimpi umiliki wa hata mti mmoja. Baba anaweza kumtaja mkewe kuwa msimamizi, na hakuna sheria inayokataza. Anaweza pia kumtaja pamoja na mtu mmoja wa ukoo anayemwamini, jambo ambalo huwatuliza wengi. Amwulize mtu huyo kwanza. Nimeona wosia unaomtaja msimamizi aliyehamia mjini miaka mingi na asiyetaka kurudi.

Ulezi nao autaje. Mama akiwa hai ni wazi watoto watabaki naye, lakini aandike hivyo, na aandike pia nani awachukue ikiwa mama naye atakufa kabla hawajakua. Kimila walezi hutafutwa upande wa baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Neno la baba halimfungi hakimu, ila litamwonyesha kwamba baba alimfikiria nani na kwa nini.

Lipo jambo moja ambalo baba hushindwa kuliandika kwa aibu, nalo ni mtoto aliyemzaa nje ya ndoa. Kanuni za 1963 zinasema mtoto huyo harithi upande wa baba ikiwa hakuna wosia. Baba anayemtambua mtoto huyo na kumlipia ada, kisha akafa bila kuandika, amemwachia vita na ndugu zake. Mstari mmoja wenye jina lake na fungu lake unamwondolea vita hiyo.

Kuna mipaka ambayo wosia hauwezi kuivuka. Kimila baba hawezi kumnyima mrithi kwa kuwa amemchukia tu. Sababu zinazokubalika ni chache: mrithi amezini na mke wa baba, amejaribu kumuua au kumdhuru vibaya baba, au amekataa kumtunza katika ugonjwa au njaa bila sababu ya maana. Sababu iandikwe ndani ya wosia. Anayemruka mtoto mmoja kimya kimya anafungua mlango wa wosia wote kupingwa.

Kwa Mwislamu hesabu ni nyingine kabisa. Akiwa ameishi maisha ya dini yake, mirathi hufuata mafungu ya sharia, na wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali, tena usiwe kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Mkristo naye asidhani kubatizwa kumemtoa katika mila. Mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha. Ikiona alikwisha kuiacha mila kabisa, hutumika sheria ya zamani iliyoletwa kutoka India, ya mwaka 1865, ambayo humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Lakini mkulima anayeishi kwenye kibanja cha ukoo, aliyetoa mahari na kuhudhuria vikao, mara nyingi ataonekana ni mtu wa kimila hata kama ni mzee wa kanisa. Wosia ulioandikwa ni moja ya njia za kuionyesha nia hiyo.

Wosia uliokamilika usifichwe ndani ya sanduku nyumbani. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hutunza wosia, na baadhi ya watu huuweka kwa wakili au kanisani. Popote utakapokuwa, msimamizi na shahidi mmoja wa ukoo wajue. Na mtoto akizaliwa, shamba likinunuliwa au shahidi akifa, uandikwe upya.

Hata hivyo karatasi haitoshi peke yake pale kijiji kinapotoa hati za hakimiliki ya kimila. Baba wa mfano wetu angefanya vema kupima ekari ya bondeni na kuandikisha majina mawili, la kwake na la mkewe. Hati yenye majina mawili haisubiri mtu afe ndipo ianze kumlinda mjane.

Baada ya mazishi, mwenye wosia na asiye nao wote hupita mlango uleule. Ukoo hukaa, muhtasari wa kikao huandikwa, na anayependekezwa au aliyetajwa kwenye wosia hupeleka maombi Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Namba 1. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aseme. Akiteuliwa, ndani ya miezi minne anapaswa kuwasilisha Fomu Namba 5, yenye orodha kamili ya mali na madeni, na baadaye Fomu Namba 6 yenye hesabu ya alivyozitumia na kuzigawa.

Fomu hizo mbili ndizo zilizomsaidia mjane wa binamu yangu. Wosia ulipoanguka, mdogo wa marehemu aliteuliwa kuwa msimamizi. Mwaka ukapita. Siku moja mjane alikuta watu wanakata mikaratusi iliyopandwa na mumewe kando ya mto, wakasema wamekwisha kulipa. Msaidizi wa kisheria wa kata alimwambia aende mahakamani aombe kuliona jalada. Fomu Namba 5 ilikuwemo, imejazwa vizuri, lakini shamba lile la mikaratusi halikuwa kwenye orodha. Fomu Namba 6 haikuwepo kabisa. Kwa karatasi hizo alirudi na malalamiko, na hakimu akamwita msimamizi aeleze. Mikaratusi haikurudi. Shamba lilirudi kwenye orodha, na sasa yeye ni msimamizi mwenza.

Mwaka jana kaka yangu, ambaye naye ana watoto watatu, aliniomba nikae naye aandike wake. Tulikaa sebuleni kwake Jumapili mchana. Mashahidi walikuwa wanne ingawa wawili wangetosha: binamu wa baba yetu na mwanawe kwa upande wa ukoo, mwalimu mstaafu na jirani kwa upande wa watu baki. Shemeji yangu alikaa pembeni yake. Yule mzee aliyelisoma daftari chini ya mwembe alikuja pia, macho yakiwa yamemwishia sasa, hasomi tena, kwa hiyo hakuweza kuwa shahidi. Aliomba asomewe. Kaka alipofika kwenye kipengele cha kibanja cha ukoo, mzee aliinua mkono akauliza njia ya kwenda makaburini itapita wapi siku watoto wakishagawana. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameifikiria. Kaka alichukua kalamu na karatasi nyingine safi, akaanza kuandika upya kutoka mwanzo, na safari hii akaiweka njia.